Haidrokotisoni au betamethasoni? Kuchagua krimu ya uso na mikunjo bila kuikondesha ngozi

Dada mmoja wa miaka thelathini na kitu aliniwekea tyubu mbili juu ya kaunta. Ya kwanza haikuwa imefunguliwa: haidrokotisoni asilimia 1, aliyoandikiwa zahanati. Ya pili ilikuwa imekamuliwa mpaka mkia wake umekunjwa mara tatu. Hiyo ilikuwa ule mchanganyiko wa tatu kwa moja, wenye betamethasoni ya kutuliza muwasho, klotrimazoli ya fangasi na jentamaisini ya bakteria.

"Shikamoo mama," alisema. "Hii ya zahanati imeandikwa asilimia moja. Hii yangu ni sufuri nukta sufuri tano. Mimi naogopa dawa kali usoni, ndiyo maana naendelea na hii ndogo."

Alikuwa ameipaka hiyo "ndogo" kila siku kwa miezi mitano, pembeni mwa pua na kwenye nyusi. Siku za joto alipaka na kwapani.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka mingi na kosa hili nimelisikia kwa watu wa kila aina, waliosoma na wasiosoma. Mtu anasoma namba na kuziweka kwenye mizani moja, kana kwamba analinganisha kilo za sukari. Namba hiyo inaonyesha tu dawa imechanganywa kiasi gani ndani ya krimu. Nguvu ya dawa yenyewe iko kwenye jina. Zote mbili ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, lakini betamethasoni dipropioneti ya asilimia 0.05 iko kundi la zile zenye nguvu kubwa, na haidrokotisoni ya asilimia 1 iko kundi la chini kabisa. Yule dada alikuwa amekimbia kivuli akaingia juani.

Nguvu inasomwa kwenye jina lote

Steroidi ya kupaka hubana mishipa midogo ya damu, ndipo sehemu iliyopakwa inapauka. Mwaka 1962 watafiti McKenzie na Stoughton waliitumia hali hiyo kama kipimo: paka dawa kwenye ngozi nzima isiyo na ugonjwa, kisha angalia inapauka kiasi gani. Kutokana na vipimo vya namna hiyo na majaribio kwa wagonjwa, krimu hizi zimegawanywa makundi manne: nguvu ndogo, ya kati, kubwa na kubwa sana.

Kwa hiyo unaposhika tyubu, soma jina lote, na neno la pili hasa. Haidrokotisoni ya kawaida, au haidrokotisoni aseteti, ni ya nguvu ndogo. Ikifuatwa na neno butireti imehama kundi na kuwa ya nguvu kubwa, ingawa jina la kwanza halijabadilika. Kuna mtego mwingine unaonitia hofu zaidi. Klobetasoni butireti ni ya nguvu ya kati. Klobetasoli propioneti ni ya nguvu kubwa sana, kundi la juu kabisa. Zote mbili huuzwa kwa asilimia 0.05, na kwa sikio la mtu mwenye haraka majina yanatofautiana silabi moja ya mwisho. Usiagize dawa hizi kwa simu. Usimtume mtoto dukani kwa kutamka jina tu. Mpe tyubu ya zamani au karatasi iliyoandikwa.

Mahali pa kupaka ni nusu ya dozi

Mwaka 1967 Feldmann na Maibach walipaka haidrokotisoni ileile sehemu mbalimbali za mwili na kupima kiasi kilichopenya. Mkono wa mbele, kati ya kiwiko na kifundo, waliuhesabu kama 1. Kwapani ilipenya karibu mara 4, kwenye paji la uso mara 6, kwenye taya mara 13. Kwenye ngozi ya korodani ilipenya mara 42. Unyayoni haikufika hata moja ya tano.

Ndiyo maana krimu ambayo daktari alimwandikia mumeo kwa ugonjwa wa nyayo haifai kuhamia shavuni kwako, hata kama muwasho unafanana. Dawa ni ileile, lakini uso unaimeza kwa kiasi ambacho unyayo haujawahi kukikaribia.

Mikunjo ina jambo la ziada. Kwapani, kinenani, chini ya matiti na chini ya tumbo lililolegea, ngozi hulaliana. Joto na jasho hubaki humo, na krimu haipati pa kukaukia. Ni sawa na kupaka dawa kisha kuifunika kwa plastiki, na kufunika huongeza upenyaji mara nyingi. Nepi ya mtoto hufanya hivyohivyo. Hata umbo la dawa lina maana hapa: marhamu, yaani ile yenye mafuta mazito, hufunika ngozi kuliko krimu. Kwenye mikunjo mimi huchagua krimu, na marhamu naiachia ngozi kavu iliyopasuka ya mikono na miguu.

Usoni: tyubu mbili zikiwekwa bega kwa bega

Tuchukue tatizo la yule dada, kwa kuwa ni la kawaida sana: mba ya usoni. Magamba ya manjano yenye mafuta pembeni mwa pua, kwenye nyusi na nyuma ya masikio, na kwa ngozi nyeusi mara nyingi mabaka yaliyopauka kidogo.

Akipaka betamethasoni, siku ya pili muwasho umekwisha. Siku ya nne uso ni laini na umeng'aa kuliko kabla ya ugonjwa. Wiki mbili tatu baadaye watu wanamsifia rangi. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu huo mng'ao na huo weupe ndio mwanzo wa madhara, na ndio unaofanya steroidi kali kuingizwa kwenye mikorogo ya kujichubua. Akiacha, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka kwa pamoja. Uso unawaka moto na vipele vinarudi. Anahitimisha kwamba ugonjwa wake ni mkali na hauwezi kukaa bila dawa, kwa hiyo anapaka tena.

Akipaka haidrokotisoni asilimia 1, mara moja au mbili kwa siku, nafuu inakuja taratibu, siku tatu hadi tano. Haimpi rangi mpya. Akiacha siku ya saba, kwa kawaida hakuna kishindo. Ubaya wake ni kwamba peke yake haiondoi chanzo, maana mba ya usoni inahusiana na aina ya hamira inayoishi kwenye mafuta ya ngozi. Hapo anahitaji krimu ya fangasi iitwayo ketokonazoli, asilimia 2, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Haidrokotisoni inamsindikiza siku za mwanzo tu, kisha inaachwa.

Kwa uso, basi, sioni pa kusita. Haidrokotisoni asilimia 1 ndiyo ya kuanzia, siku tano hadi saba, na isivuke wiki mbili bila mtu wa afya kukuangalia. Betamethasoni, mometasoni na klobetasoli mtu asijiandikie mwenyewe usoni. Kuna magonjwa machache ambayo daktari wa ngozi huamua kuzitumia hapo, lakini yeye ameona kidonda, amehesabu siku, na amekupangia tarehe ya kurudi.

Kope zina sheria kali zaidi. Ngozi yake ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na dawa ikiingia machoni kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Kope ikiwasha na kuvimba, tafuta kwanza kinachoigusa: wanja mpya, gundi ya kope bandia, rangi ya nywele, hata rangi ya kucha, kwa sababu vidole hugusa macho siku nzima. Kuondoa hicho mara nyingi kunatosha.

Ngozi iliyokonda inaonekanaje

Steroidi kali huzuia seli za tabaka la chini kutengeneza nyuzi zinazoipa ngozi unene na uimara, na hupunguza kasi ya tabaka la juu kujijenga. Kwa krimu yenye nguvu inayopakwa kila siku, mabadiliko huanza ndani ya wiki chache, kabla mtu hajaona chochote kwenye kioo.

Maelezo mengi ya kitabibu yanasema "angalia wekundu". Kwa ngozi zetu wekundu hujificha, kwa hiyo mimi huwaambia wateja wasimame dirishani kwenye mwanga wa pembeni na kutafuta vitu vingine. Ngozi inang'aa kama utando wa ndani wa kitunguu. Ukiibana taratibu kwa vidole viwili inafanya mikunjo midogomidogo kama karatasi nyembamba iliyofinywa. Mishipa myembamba kama nyuzi inaonekana mashavuni au kwenye mbawa za pua. Vinyweleo vinaota pasipokuwa na nywele. Jua na sabuni ya kila siku vinaanza kuchoma. Vipele vidogo vinavyofanana vinajipanga kuzunguka mdomo, huku vikiacha pete nyembamba safi kando ya midomo yenyewe. Hiyo pete safi ni alama nzuri sana. Chunusi za kawaida haziiachi.

Kwapani na mapajani dalili huwa tofauti: michirizi. Inaanza ikiwa ya zambarau au nyeusi zaidi ya ngozi, kisha hupauka. Tofauti hii ni muhimu kwa uchaguzi wako. Wembamba wa tabaka la juu unaweza kurudi ukiacha dawa mapema, lakini michirizi haifutiki. Inafifia tu.

Mikunjoni: kwanza jua unapaka nini

Usoni swali la kwanza ni nguvu ya dawa. Kwenye mikunjo swali la kwanza ni kama hapo pana fangasi, kwa sababu steroidi hulisha fangasi huku ikiuzima muwasho wake.

Fangasi wa mashilingi huenea kutoka kinenani kwenda pajani akiwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, na katikati pakionekana kama panapona. Kwa wanaume kwa kawaida huziacha korodani. Kandida, fangasi wa aina nyingine, hupenda palipo pabichi: ngozi inalowa, inauma, na nje ya baka kubwa kuna vipele vidogo vilivyotawanyika kama matone. Hii haiziachi korodani. Ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyoiita, hauna ukingo wa pete, na mara nyingi mtu huwa na mabaka mengine nyuma ya magoti au ndani ya viwiko.

Sasa tulinganishe. Ile ya tatu kwa moja inavutia kwa sababu inaonekana kufunika kila uwezekano. Muwasho unakwisha siku mbili. Mteja anaacha, fangasi hakufa, na baada ya wiki baka linarudi likiwa pana zaidi. Baada ya mizunguko kadhaa ukingo unapotea, pete inavunjika vipandevipande, na hata daktari anapata taabu kulitambua. Lebo ya Marekani ya mchanganyiko wa betamethasoni na klotrimazoli inaweka kikomo cha wiki mbili kinenani, haiipendekezi kwa walio chini ya miaka 17, na haitaki ipakwe kwenye vipele vya nepi. Huku kwetu nimeona akina mama wakiipaka nepini kwa mwezi mzima, wakiwa wameshauriwa na jirani mwenye nia njema.

Klotrimazoli peke yake, asilimia 1, mara mbili kwa siku, ni ya polepole. Siku tatu za kwanza mtu anaweza kudhani amepewa maji. Lakini ndiyo inayomaliza kazi kama tatizo ni fangasi, mradi aendelee wiki mbili hadi nne na asiache mara tu baka linapopotea. Kama muwasho haumwachi alale, ipo njia ya katikati: mchanganyiko wa haidrokotisoni asilimia 1 na klotrimazoli au mikonazoli, kwa siku saba zisizozidi, kisha endelea na dawa ya fangasi tupu. Kwa kwapa, kinena na chini ya matiti, hiyo ndiyo ninayoitoa badala ya tatu kwa moja, na sijawahi kuijutia.

Usisahau kukausha. Taulo safi, kisha kitambaa chepesi cha pamba kati ya titi na kifua wakati wa joto, hufanya kazi ambayo hakuna tyubu inayoweza kuifanya.

Wakati haidrokotisoni haitoshi

Kuna watu ambao ukurutu wao usoni au shingoni ni mkali kweli, na siku saba za haidrokotisoni hazigusi. Kuwang'ang'aniza waendelee miezi na dawa dhaifu si usalama. Uvimbe usiotulia nao unaharibu ngozi, na kujikuna kunaleta makovu na mabaka meusi.

Hapo kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni steroidi ya kati, kama klobetasoni butireti, kwa siku chache. Mwongozo wa taasisi ya Uingereza iitwayo NICE, wa mwaka 2007 kuhusu ukurutu wa watoto, unaruhusu nguvu ya kati usoni na shingoni kwa siku 3 hadi 5 tu pale hali inapolipuka. Kwapani na kinenani unaruhusu ya kati au kubwa kwa siku 7 hadi 14. Hizo ni siku za kuhesabiwa kwenye kalenda, na kwa mtoto ni daktari anayeanzisha.

Ya pili ni takrolimusi, marhamu isiyo steroidi kabisa. Hutuliza kinga ya ngozi kwa njia nyingine na haikondeshi ngozi, kwa hiyo inafaa hasa pale ambapo ugonjwa hurudi kila mwezi: kope, shingo, kuzunguka mdomo. Ya asilimia 0.03 hutumika kwa watoto kuanzia miaka 2, ya 0.1 kwa watu wazima. Siku za mwanzo huchoma kama pilipili, na wengi huitupa hapo bila kujua kwamba mchomo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki. Kasoro zake ni bei, kutopatikana kila duka, na haja ya kujikinga na jua unapoitumia.

| Dawa | Nguvu | Usoni | Mikunjoni |
|---|---|---|---|
| Haidrokotisoni 1% | ndogo | siku 5–7 | siku 7, fangasi akiwa ametibiwa |
| Klobetasoni butireti 0.05% | ya kati | siku 3–5, kwa ushauri | siku 7, kwa ushauri |
| Betamethasoni, mometasoni | kubwa | hapana | kwa uamuzi wa daktari |
| Klobetasoli propioneti 0.05% | kubwa sana | hapana | hapana |
| Takrolimusi | si steroidi | ndiyo, kwa cheti | ndiyo, kwa cheti |

Kiasi, na tyubu inayosema ukweli

Kipimo kinachotumika ni cha ncha ya kidole: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Uso mzima na shingo huhitaji vipimo viwili na nusu. Pembeni mwa pua na nyusi kwa pamoja, nusu ya kipimo inatosha na inabaki.

Tupige hesabu ya yule dada. Nusu ya kipimo ni robo gramu. Akipaka mara moja kwa siku kwa siku saba, ametumia chini ya gramu 2. Tyubu ya gramu 15 ina mipako 60 ya namna hiyo. Nilipomuuliza alikuwa anamaliza tyubu ya gramu 15 kwa muda gani, alisema mwezi haufiki. Hata bila kumwangalia uso ningejua kwamba anapaka mashavu mazima, na huenda mara mbili kwa siku.

Alikubali. Alisema mashavu yalikuwa yakichoma asipopaka.

Nilimpeleka dirishani. Vipele vilizunguka mdomo vikiacha pete safi, mbawa za pua zilikuwa na nyuzi za mishipa, na kwapa la kulia lilikuwa na michirizi mitatu. Baada ya miezi mitano ya kila siku sikumwambia aache usiku uleule na kujitegemea. Nilimwandikia barua aende kliniki ya ngozi. Huko walimshusha ngazi: haidrokotisoni kila siku kwa wiki moja, kisha siku moja kwa kuruka moja kwa wiki nyingine, kisha basi. Kwa ajili ya vipele vya mdomoni walimpa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki sita, baada ya kuhakikisha hana ujauzito. Walimsimamishia vipodozi vyote na kumwachia sabuni isiyo na manukato na losheni ya kawaida.

Nilimwonya jambo moja ambalo wengi hawaonywi: siku kumi za kwanza uso utakuwa mbaya kuliko ulivyo leo. Alikuja siku ya sita akilia, uso umevimba na unawaka. Alitaka tyubu yake ya zamani. Tulikaa kwenye benchi, nikampa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, tukahesabu siku zilizobaki. Siku ya kumi na nne hakulia tena. Wiki ya nane vipele vilikuwa vimekwisha.

Nyuzi za pua zimebaki, hafifu. Michirizi ya kwapani ipo na imepauka. Mba ya usoni inarudi kila msimu wa joto, na sasa anaosha nyusi na nywele kwa shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, akiiacha dakika tano kabla ya kusuuza. Ikizidi, anapaka haidrokotisoni siku tano. Kwenye tyubu yake tuliandika tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu isiyofutika, mwezi wa tatu. Alipoileta mwezi wa kumi kuniuliza kama bado inafaa, ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.